Uchochoro unaopotea kati ya mapaa mawili

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nina picha za droni za mtaa mmoja wa Dar, sentimita 10 kwa pikseli. Mwanzoni nilifunza mtandao wa kuainisha: ukipewa kipande cha picha unasema kina nyumba au hakina, na unapatia vizuri sana. Sasa nataka uchore mapaa yenyewe. Nimeondoa matabaka ya mwisho, nikakuza matokeo hadi ukubwa wa picha, lakini napata madoa tu. Nyumba nne zinaonekana moja na vichochoro vyote vimezibwa. Watu wananiambia nitumie U-Net. Ina nini ambacho mtandao wangu hauna? Na zile njia zake za mkato ni zile zile za ResNet?

Jibu: Habari ni njema, ndugu yangu. Mtandao wako haujaharibika. Unafanya kile ulichoufundisha, ila sasa unaudai kitu kingine.

Ulipoufunza kuainisha, uliutaka jibu moja kwa kila kipande: nyumba ipo au haipo. Jibu hilo halibadiliki nyumba ikiwa kwenye kona ya juu au katikati ya picha. Kwa hiyo kila mtandao ulipojifunza kupuuza mahali nyumba ilipo, ulizidi kupatia. Kusahau mahali ni sehemu ya ustadi wake. Chukua VGG16 ya mwaka 2014, ambayo wengi wetu tulianzia hapo. Picha ya pikseli 224 kwa 224 inaingia, inapunguzwa nusu mara tano, na mwisho inabaki gridi ya 7 kwa 7. Kila kisanduku cha gridi hiyo kinasimama badala ya eneo la pikseli 32 kwa 32. Kwa picha zako hizo ni mita 3.2 kila upande. Ukikuza gridi kama hiyo hadi ukubwa wa picha, kompyuta inalainisha tu kati ya visanduku. Haina pa kuutoa uchochoro wa sentimita 80, kwa sababu uchochoro huo haumo tena.

Kugawa picha kwa maana, yaani segmentesheni, ni kuuliza swali lile lile la uainishaji kwa kila pikseli peke yake. Kipande cha 256 kwa 256 kina pikseli 65,536, basi majibu nayo ni 65,536. Ukisogeza nyumba pikseli tatu kulia, majibu lazima yasogee pikseli tatu kulia. Ugumu uko hapa: ili ujue kwamba pikseli fulani ya kijivu ni bati na si lami, unahitaji kutazama eneo pana linaloizunguka, na njia rahisi ya kutazama eneo pana ni kupunguza picha. Lakini ili ujue bati linaishia pikseli ipi, hutakiwi kupunguza chochote. Madai hayo mawili yanavutana.

Watu walijaribu kwanza njia ya moja kwa moja: chukua mtandao wa kuainisha, uukatie dirisha dogo kuzunguka kila pikseli, uulize pikseli ya katikati ni nini, kisha usogee pikseli moja na kuuliza tena. Dan Cireșan na wenzake wa taasisi ya IDSIA, Uswisi, walishinda hivyo shindano la mwaka 2012 la kuchora utando wa seli za neva kwenye picha za hadubini ya elektroni. Njia inafanya kazi, ila kwa kipande chako kimoja ungeuendesha mtandao mara 65,536, na madirisha jirani yanarudia karibu hesabu zile zile. Halafu mvutano haujaondoka. Dirisha likiwa pana unapata muktadha, ila linahitaji kupunguzwa zaidi ndani na mpaka unafifia. Likiwa dogo mpaka unakuwa safi, lakini mtandao haujui unatazama nini.

Mwaka 2015 Jonathan Long, Evan Shelhamer na Trevor Darrell wa Berkeley waliondoa madirisha. Waligeuza mtandao wa kuainisha uwe wa konvolusheni tupu, upokee picha nzima na kutoa ramani nzima kwa mkupuo mmoja. Toleo lao la kwanza lilikuza matokeo mara 32 kwa hatua moja, karibu kama ulivyofanya wewe, na likatoa madoa kama yako. Walipochukua pia majibu kutoka matabaka ya mapema zaidi, ambayo ramani zake hazijapunguzwa sana, na kuyajumlisha, wastani wa IoU, kipimo cha jinsi jibu linavyofunikana na ukweli, ulipanda kutoka 59.4 hadi 62.7 kwenye data ya PASCAL VOC. Pointi tatu na kitu zinaonekana chache, lakini ukitazama picha zenyewe, doa limegeuka baiskeli. Shika hilo, kwa sababu hapa chini nitaonyesha kwa nini kipimo hiki kinaficha mambo.

Mwaka huo huo Olaf Ronneberger, Philipp Fischer na Thomas Brox wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walitoa U-Net. Ilikuwa ya picha za hadubini: moja ya data zao ilikuwa picha 30 tu za mafunzo, kila moja pikseli 512 kwa 512, za mfumo wa neva wa kiluwiluwi cha nzi wa matunda. Umbo la herufi U linatokana na mchoro. Upande wa kushoto unashuka kama mtandao wowote wa kuainisha: konvolusheni mbili za 3 kwa 3, kisha kupunguza nusu, mara nne. Upande wa kulia unapanda kwa ngazi zile zile. Kila unapofika ngazi, ramani iliyotoka ngazi hiyo upande wa kushoto inavushwa moja kwa moja na kuunganishwa. Huko kuvusha ndiko kunakoitwa njia ya mkato.

Maelezo mengi huishia hapo. Tuufuate uchochoro wako mmoja ndani ya mtandao, hatua kwa hatua, uone unapotelea wapi na unarudi vipi.

Uchochoro una sentimita 80, yaani pikseli 8. Kwenye ngazi ya kwanza ramani ni 256 kwa 256 na uchochoro una upana wa visanduku 8. Baada ya kupunguza mara moja ramani ni 128, uchochoro una visanduku 4. Kisha 64, visanduku 2. Kisha 32, kisanduku 1. Chini kabisa ramani ni 16 kwa 16 na uchochoro ni nusu kisanduku. Hapo hakuna hata kisanduku kimoja ambacho ni uchochoro mtupu, kila kimoja kimechanganyika na paa. Tena upunguzaji wenyewe unachukua namba kubwa kati ya nne na kuzitupa tatu, bila kuandika popote ile kubwa ilitoka kona ipi. Chaneli inayoitikia bati ikipiga kelele kwenye pikseli moja kati ya nne, kisanduku kizima kinasema bati.

Usije ukadhani ni suala la nafasi ya kuhifadhi. Chini kabisa kuna visanduku 256 vyenye chaneli 1,024 kila kimoja, jumla namba 262,144. Picha yenyewe ya rangi tatu ina namba 196,608. Kwa hesabu tupu, mtandao ungeweza kuficha ramani nzima ya vichochoro humo chini. Lakini ungelazimika kujifunza kuzitumia chaneli kwa kuandikia anwani za pikseli, kisha kupitia kwenye upunguzaji unaofuta anwani hizo, halafu upande wa kulia ujifunze kuzisoma. Mafunzo ya kawaida hayafiki huko. Ni rahisi zaidi kuipa kila ngazi nafasi ya kujisemea.

Sasa tazama kila ngazi inaona umbali gani. Konvolusheni mbili za kwanza zinaona mraba wa pikseli 5, kwako ni nusu mita. Ngazi ya pili inaona pikseli 14, ya tatu 32, ya nne 68, na chini kabisa pikseli 140, yaani mita 14. Zipige hesabu mwenyewe: kila konvolusheni ya 3 kwa 3 inaongeza pikseli mbili, upunguzaji wenyewe unaongeza moja, na kila ukishapunguza nusu, maongezeko yote yanayofuata yanakuwa maradufu. Maana yake ni kwamba ngazi ya kwanza, ambayo ndiyo pekee yenye mpaka kamili, haiwezi hata kuuona uchochoro wako mzima. Inaona ukingo mmoja tu, mwangaza unageuka giza, na haijui kama ni ukingo wa paa, kivuli cha nguzo au maungio ya bati na bati. Ngazi ya pili, yenye mita 1.4, ndiyo ya kwanza kuona kingo mbili kwa pamoja na giza katikati yake. Na kwamba pande zote mbili za giza hilo ni mapaa ya nyumba tofauti, si mgongo wa paa moja wenye kivuli upande mmoja, hilo linaamuliwa huko chini kwenye mita 7 hadi 14.

Ndiyo maana njia ya mkato moja ya juu kabisa haitoshi. Tuseme umeondoa zile za katikati, ukabaki na ile ya pikseli kamili. Matokeo yanaweza kuwa na kingo kali sana, lakini vichochoro vikakatika katika, na migongo ya mapaa ikaanza kuchorwa kama njia. Ngazi za katikati ndizo zinazojua kwamba kingo mbili zilizo karibu ni kitu kimoja.

Safari ya kupanda inakuwa hivi. Ramani ya chini, 16 kwa 16, inakuzwa kuwa 32 kwa 32 na chaneli zake zinapunguzwa kutoka 1,024 hadi 512. Pembeni inaletewa chaneli 512 za ngazi ile ile kutoka kushoto. Zinapangwa pamoja zikawa 1,024, na konvolusheni mbili zinazisoma zote kwa pamoja. Kwenye kila kisanduku, konvolusheni hizo zina habari mbili mezani: moja inasema eneo hili ni la mapaa mawili yaliyokaribiana, nyingine inasema mstari wa giza unapita hapa hasa. Zinajifunza kukubali mstari pale habari ya kwanza inapouunga mkono na kuupuuza pale isipouunga. Kwenye ramani ya 32 uchochoro unarudi ukiwa na kisanduku kimoja, kwenye 64 viwili, na kila ngazi inaunyoosha kidogo hadi pikseli 8 kamili. Mwisho kuna konvolusheni ya 1 kwa 1 inayogeuza chaneli 64 za kila pikseli kuwa alama mbili, paa na si paa.

Kwa PyTorch, ngazi moja ya kupanda ni fupi hivi:

```python
import torch
from torch import nn

class Panda(nn.Module):
    def __init__(self, chini, pembeni, nje):
        super().__init__()
        self.kuza = nn.ConvTranspose2d(chini, nje, kernel_size=2, stride=2)
        self.soma = nn.Sequential(
            nn.Conv2d(nje + pembeni, nje, 3, padding=1), nn.ReLU(),
            nn.Conv2d(nje, nje, 3, padding=1), nn.ReLU())

    def forward(self, x, mkato):
        x = self.kuza(x)
        x = torch.cat([mkato, x], dim=1)
        return self.soma(x)
```

Mstari wa `torch.cat` ndio U-Net yenyewe. Ukikata vipande vyako kwa ukubwa usiogawanyika kwa 16, utakwama hapo hapo. Kipande cha 250 kinashuka 125, 62, 31, 15. Kikipanda, 15 inakuwa 30, wakati upande wa kushoto kuna 31, na PyTorch inakataa:

```
Sizes of tensors must match except in dimension 1. Expected size 31 but got size 30 for tensor number 1 in the list.
```

Kata 256 au 512 na usihangaike. U-Net ya Freiburg haikujazia kingo kwa sifuri kama hii yangu. Kila konvolusheni ilikula pikseli moja kila upande, kwa hiyo picha ya 572 ilitoa ramani ya 388, na ramani za kushoto zilipunguzwa kingo kabla ya kuunganishwa. Walifanya hivyo ili kila pikseli ya jibu iwe na muktadha wa kweli. Ukijazia sifuri, pikseli za pembezoni mwa kipande zinaamuliwa kwa habari pungufu, na utaziona nyumba zimekatika kwenye maungio ya vipande. Dawa rahisi ni kukata vipande vinavyopishana, kisha kutumia sehemu ya katikati tu ya kila jibu.

Njia ya mkato inabeba nini hasa? Jionee. Ukishafunza mtandao wako, weka mstari huu pale unapoiita `Panda` ya ngazi ya juu kabisa, kabla hujaipa `mkato` wake, si ndani ya `Panda` yenyewe maana inatumiwa na ngazi zote. Uendeshe kwa kipande kimoja, kisha uuondoe na kuuweka ngazi inayofuata:

```python
mkato = torch.zeros_like(mkato)
```

Ukizima ya juu, kwa kawaida mapaa yanabaki mahali pake lakini kingo zinakuwa za ngazi ngazi au zinatetemeka. Kadiri unavyozima za chini zaidi, ndivyo mtandao unavyochanganya vitu vyenyewe, si kingo tu. Lakini usichukue jaribio hili kama ushahidi wa kila kitu, maana mtandao haukuwahi kufunzwa ukiwa na sifuri pale, na sehemu ya fujo utakayoiona ni mshtuko wake. Ukitaka kulinganisha kwa haki, funza upya mtandao usio na njia hiyo.

Kuhusu ResNet: hapana, si zile zile, ingawa zinachorwa kwa mshale unaofanana. Ya ResNet inaruka tabaka mbili au tatu, kwa kawaida ndani ya ukubwa ule ule wa ramani, na inajumlisha. Kazi yake ni kuipa gradienti njia ya kurudi nyuma ili mtandao mrefu ufunzike. Ya U-Net inavuka kutoka upande mmoja wa U hadi mwingine, inabeba ramani ambayo haijapunguzwa, na inaziweka ramani mbili kando kwa kando bila kuzijumlisha. Kuzijumlisha kunalazimisha chaneli ya tano ya kushoto na chaneli ya tano ya kulia ziseme jambo moja. Ukiziweka kando kwa kando, konvolusheni inayofuata inaamua yenyewe imsikilize nani na wapi. Zote mbili zinaweza kuishi pamoja: wengi leo wanatumia ResNet kama upande wa kushoto wa U. Hata mtandao wako wa kuainisha usiutupe. Matabaka yake ya konvolusheni yanaweza kuwa upande wa kushuka, na hutaanza mafunzo kutoka sifuri.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Tuseme kwenye kipande chako uchochoro una urefu wa pikseli 150. Mara 8, ni pikseli 1,200 kati ya 65,536. Mtandao ukiuziba wote na kupatia kila kitu kingine, usahihi wa pikseli ni asilimia 98.2. Utasema basi nitumie IoU, yaani eneo ambalo jibu na ukweli vinakutana, ligawanywe kwa eneo lote vinalolifunika kwa pamoja. Tuseme mapaa ya kweli yana pikseli 30,000. Mtandao umechora 31,200. IoU ni 30,000 kugawa kwa 31,200, asilimia 96.2. Ripoti inapendeza, na nyumba mbili zimekuwa moja. Ndiyo maana zile pointi tatu za Berkeley zinasema kidogo kuliko picha zao: IoU inatawaliwa na pikseli za ndani ya vitu, na za mpakani ni chache. Kwa kazi yako, hesabu mapaa. Chukua ramani ya jibu, tafuta maeneo yaliyoungana kwa `scipy.ndimage.label`, na ulinganishe idadi na ile uliyochora kwa mkono. Ukiwa na mapaa 60 kwenye ukweli na 41 kwenye jibu, unajua vichochoro vinazibwa hata kama IoU inang'aa.

Na kama kipimo hakioni uchochoro, hesabu ya kosa wakati wa mafunzo nayo haiuoni. Pikseli 1,200 zinazama ndani ya maelfu mengine. Watu wa Freiburg walikuwa na shida hii hii. Seli zao zilikuwa zimebanana kama nyumba za uswahilini, zikitenganishwa na uzi mwembamba wa mandhari. Waliipa kila pikseli uzito wake:

```
w(x) = wc(x) + w0 * exp(-(d1(x) + d2(x))**2 / (2 * sigma**2))
```

Hapo `wc` inasawazisha aina zilizo nyingi na zilizo chache, `d1` ni umbali hadi kitu kilicho karibu zaidi, na `d2` hadi cha pili. Wao waliweka `w0` kuwa 10 na `sigma` kama pikseli 5. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba ukiwa ndani ya uchochoro, popote uliposimama, `d1` na `d2` vikijumlishwa vinakaribia upana wake. Kwa uchochoro wako wa pikseli 8, kipeo kinatoa 0.28, kwa hiyo kila pikseli yake inaongezewa uzito wa 2.8. Uchochoro wa pikseli 4 unaongezewa 7.3. Njia ya mita mbili, pikseli 20, haiongezewi chochote cha maana, na haihitaji, kwa sababu mtandao unaiona bila msaada. Kadiri nafasi ilivyo nyembamba ndivyo kuiziba kunavyogharimu zaidi. Kwenye data yao moja ya seli zilizobanana walifikia IoU ya asilimia 77.5 wakati aliyewafuata alikuwa na 46, ingawa sifa hiyo haiendi kwa uzito peke yake. Picha zao chache walizizidisha pia kwa kuzikunja na kuzivuta kama mpira, ili mtandao uone maumbo mengi kuliko yaliyopigwa.

Ukihesabu uzito huu, uhesabu kutoka kwenye nyumba moja moja zenye namba zake, si kwenye ramani ya paa na si paa. Bila namba, kompyuta haijui kitu cha kwanza kinaishia wapi na cha pili kinaanzia wapi.

Kuna makosa mawili ya data ambayo uainishaji ulikusamehe na segmentesheni haitakusamehe. La kwanza ni kubadili ukubwa wa ramani ya lebo kama unavyobadili picha. Picha ukiipunguza, pikseli zinachanganywa, na hakuna neno. Lebo ukizichanganya unazua aina ambayo haikuwepo. Ukiwa na 0 kwa ardhi, 1 kwa paa na 2 kwa barabara, wastani wa ardhi na barabara ni 1, na ghafla kila barabara imezungukwa na paa jembamba. Andika `np.unique(lebo)` uone kama kuna namba ngeni, lakini kosa hili hasa halionekani hivyo, kwa sababu 1 ni halali. Lazima uifungue ramani na kuitazama ukingoni mwa barabara. Tumia njia ya jirani wa karibu kwa lebo siku zote, na usizihifadhi kwa JPEG. Vile vile ukigeuza picha kushoto kulia ili kuongeza data, lebo nayo igeuzwe. Kwenye uainishaji neno "nyumba" halina kushoto wala kulia.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Dar ina michoro mingi ya nyumba kwenye OpenStreetMap, nyingi zikiwa kazi ya mradi wa Ramani Huria, na inavutia kuichukua kama lebo. Lakini mchoro uliofanywa juu ya picha nyingine huenda usikae sawa juu ya picha yako. Ukisogea mita moja, hizo ni pikseli 10, na uchochoro wako una 8. Lebo ya uchochoro inaangukia juu ya bati. Hapo njia ya mkato inaleta ukingo sahihi kutoka kwenye picha, lebo inasema si hapo, na kwa kuwa kila mtaa umesogea upande wake, mtandao unajifunza kujibu kwa wastani: uwezekano wa 0.5 kwenye ukanda mpana kuzunguka kila paa. Dalili ndiyo hiyo. Usitazame ramani ya mwisho ya nyeusi na nyeupe, tazama ramani ya uwezekano. Mtandao wenye lebo safi unatoka 0.95 hadi 0.05 ndani ya pikseli mbili tatu. Ukiona ukungu wa pikseli 10, usiongeze matabaka. Rudi ukasogeze lebo, au uchore upya vipande vichache kwa mkono juu ya picha ile ile. Vipande 30 vilivyochorwa sawasawa vitakusaidia kuliko elfu vilivyosogea.

Ukungu ukiondoka, usiamini kila ukingo mkali utakaouona. Njia ya mkato inaleta kingo zote, za kweli na za kivuli. Chini kukiamua vibaya, kwamba turubai la lori ni paa, upande wa kulia utalichora turubai hilo kwa kingo safi kabisa. Droni ikiruka asubuhi au jioni, kivuli cha nyumba ndefu kinalala juu ya bati la jirani na kuchora mstari unaofanana sana na uchochoro. Picha za karibu na saa sita mchana zitakupunguzia kazi hiyo.

Yapo pia mambo ambayo umbo la U haliwezi. Njia ya mkato inarudisha kile kilichokuwa kwenye picha, haiongezi. Ukihamia picha za setilaiti za sentimita 50, uchochoro wako ni pikseli moja na nusu, umeshachanganyika na bati kabla haujaingia kwenye mtandao. Na mapaa mawili ambayo mabati yake yamepandana kabisa, bila nafasi, ni eneo moja kwa segmentesheni ya kimaana hata ikipatia kila pikseli, kwa sababu jibu la pikseli zote mbili ni "paa". Kwa hizo, ongeza aina ya tatu, mpaka, uichore kwa upana wa pikseli tatu nne pale mapaa yanapogusana, kisha uitoe kabla ya kuhesabu maeneo. Ikiwa mtaa wako una mapaa mengi ya namna hiyo, anza na hilo kabla ya kanuni ya uzito. Kanuni hiyo inafanya kazi kwenye nafasi iliyopo tu, na hapo haipo.